Usiiulize AI "una uhakika?", iulize namba imetoka wapi

Mimi nina steshenari Tandahimba, na msimu wa korosho ukianza kazi kubwa ni matangazo ya chama cha msingi. Mnada ukishapita wakulima wanataka kujua wanapata ngapi kwa kilo baada ya makato. Sa hivi rasimu naandikiwa na AI, halafu naiambia ijikosoe yenyewe na kurekebisha. Kuna sehemu hiyo njia inasaidia kweli na kuna sehemu inakuangusha vibaya, nawaelezea kwa tangazo moja.

Katibu wa chama aliniletea karatasi ya mkono. Bei 2,940 kwa kilo, makato jumla 190, na mfano wa mkulima mwenye kilo 486. Basi, hayo tu. Rasimu ikatoka ndefu, Kiswahili cha ofisini. Nikaiuliza, "mzee anayesoma hili limebandikwa mlangoni pa ghala, ataelewa vibaya wapi?" Ikajibu vizuri sana, ikasema neno "malipo halisi" mtu anaweza kudhani ndo bei ya mnada, ikaandika "hela utakayopokea mkononi", na bei ikaipandisha juu kabisa. Nimeona mara nyingi, ukiiuliza kuhusu lugha, mpangilio au kitu kilichorudiwa inajikosoa safi, kwa sababu kila inachohitaji kukiona kipo kwenye maandishi yenyewe. Ila uliza swali mahususi, ukisema tu "boresha" inaongeza maneno.

Sasa shida. Kwenye rasimu hiyohiyo ile 190 ilikuwa imegawanywa, ushuru kiasi fulani, usafiri kiasi fulani, ghala kiasi fulani, na jumla inafika 190 kamili. Mi sikuipa huo mchanganuo! Imeutunga. Na nilipoiambia ikague makosa ikausifia kwamba unampa mkulima uwazi, maana kilichoutunga ndo hichohicho kinachoukagua, na ikiusoma inauona unaeleweka. Tangazo kama hilo likibandikwa wakulima wanaenda kumdai katibu maelezo ya namba ambazo hata yeye hazijui, na huku kwetu makato ya korosho sio jambo dogo.

La pili liliniuma zaidi. Hesabu yake ya kwanza ya hela atakayopokea yule mkulima wa kilo 486 ilikuwa sahihi, 1,336,500. Nikaandika "una uhakika? kagua tena hesabu". Ikaomba radhi, ikasema ilisahau makato, ikaleta 1,244,160. Nikakaa naiangalia, nikatoa moja kwa nyingine, tofauti ni 92,340, yaani 190 mara 486 kamili, kumbe imekata makato mara mbili. Jibu zuri limeharibiwa na swali langu, maana ukiuliza "una uhakika" inasoma kama umeona kosa, inatafuta cha kubadilisha hata kama hakipo. Sio mimi peke yangu, mwaka 2023 watafiti wa Google DeepMind na Chuo Kikuu cha Illinois walipima modeli za AI kwenye maswali ya hesabu na mantiki, zikaambiwa zijisahihishe bila msaada wowote wa nje, na alama zikashuka.

Neno lenyewe ni hilo, msaada wa nje. Hesabu siku hizi naifanya kwenye kalkuleta, au kama modeli ina uwezo wa kuendesha msimbo wa kompyuta naiambia iendeshe hii isipige kichwani:

```
486 * (2940 - 190)
```

Na kwa habari zenyewe nafungua mazungumzo mapya kabisa na AI, yale ya zamani nayaacha kwa sababu mule ndani imeshajitetea. Nabandika karatasi ya katibu juu, tangazo chini, kisha naandika: "kwa kila namba na kila dai kwenye tangazo, ninukulie mstari wa karatasi ulikotoka, kama haupo andika HAUPO, usirekebishe chochote." Kwenye ule mchanganuo ikaandika HAUPO mistari yote mitatu. Hiyo ya kusema usirekebishe ni muhimu, ukiiacha ikague na kurekebisha kwa pamoja inabadilisha na yale yaliyokuwa sawa na hutajua lipi limeguswa.

Ila na hapo kuna mpaka wake, kama karatasi yenyewe imekosewa, mfano katibu kaandika 2,940 badala ya 2,490, modeli itanukuu na kusema iko sawa. Kwa hiyo bei namsomea katibu kwa simu kabla ya kuprinti, namwambia "kaka, nisomee na wewe kutoka kwenye matokeo ya mnada, sio kwenye karatasi uliyoniletea."

Raundi zangu ni mbili tu, moja ya lugha na moja ya kulinganisha na karatasi, ya lugha ndo inatangulia kwa sababu kuna siku ilivyokuwa inafupisha sentensi ikadondosha neno "kwa kilo", na nisingelinganisha mwishoni lingeprintiwa hivohivo.