Wastani au mediani kwenye jedwali la mishahara?

"Wakuu, jedwali ndilo hilo kwenye picha, mishahara kwa maelfu: 400, 550, 420, 5,600, 480, 450, 500. Nitumie wastani au mediani?"

Mkuu, tumia mediani. Jumla ni 8,400, ukigawa kwa 7 unapata wastani wa 1,200, na hakuna hata mmoja anayelipwa karibu na hapo. Sita kati yao hawafikishi hata nusu yake! Panga kuanzia mdogo: wa nne ni 480, huo ndio mshahara wa mtu wa katikati.

Ila kwanza ikuze picha uikague vizuri hiyo 5,600. Kama ni 560 iliyosomwa na sifuri ya ziada, wastani unaporomoka hadi 480, wakati mediani haisogei, kwa kuwa inaangalia nafasi tu na huyo bado ni wa juu kabisa. Usiifute eti kwa sababu ni kubwa, huenda ni ya bosi kweli. Ikithibitika, iache na uitaje kando ya mediani.

Wastani utauhitaji ukipanga bajeti: 1,200 mara 7 inakurudishia fedha zote, lakini 480 mara 7 ni 3,360, haitoshi kumlipa hata bosi peke yake.