Shangazi kaniletea manukato na mimi nina pumu, nimwambieje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Shangazi yangu alisafiri akarudi na chupa ya manukato akanipa, mimi nina pumu nikijipaka tu kifua kinabana. Kwenye simu akaniuliza unajipaka? nikamwambia najipaka kila siku. Rafiki yangu ananiambia uongo wa kumfurahisha ndugu unaruhusiwa. Sasa anakuja kututembelea na sijui nitasema nini, nisaidie.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah ndugu yangu. Tuanze na hiyo fatwa ya rafiki yako maana ndo imekupa nguvu ya kuendelea. Ni kweli ipo hadithi ya Ummu Kulthum binti Uqba kwamba si muongo yule anayesuluhisha baina ya watu akasema kheri au akafikisha kheri, lakini angalia inazungumzia nini, ni watu walogombana na wewe uko kati unawapatanisha. Wewe na shangazi mna ugomvi gani? Hamna. Na hata hapo kwenye sulhu wanazuoni wamekhitilafiana, wapo waliosema uongo wa wazi unafaa na wapo waliosema kilichoruhusiwa ni kauli ya kuzunguka tu, sasa ruhusa yenyewe ina mjadala alafu wewe unaivuta mpaka kwenye chupa ya manukato, hapana, hapo umevuka.

Sasa kushukuru. Watu wengi wanachanganya vitu viwili, wanadhani kushukuru zawadi ni lazima useme unaitumia, na hapo ndo uongo unapoingilia. Mtume (s.a.w.) amesema asiyeshukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na akafundisha kwamba ukifanyiwa wema ukamwambia aliyekufanyia jazakallahu khayran, Mwenyezi Mungu akulipe kheri, basi umefika mwisho wa kumsifu. Hakuna hata neno moja hapo linalohusu matumizi. Shukrani inamwendea mtu kwa wema wake, yaani kakukumbuka akiwa safarini na ana mambo yake, kasimama akachagua, katoa pesa, kabeba mzigo mpaka nyumbani. Hayo yote ni kweli na unaweza kuyasema hata mara kumi bila kuongopa. "Shangazi nimefurahi sana ulivyonikumbuka" ni kweli. "Yananukia vizuri" nayo ni kweli kama yananukia vizuri, kuwa na pumu hakuyafanyi yawe mabaya. Ila "najipaka kila siku" au "ndo nilichokuwa nakitafuta" hayo ni maneno ya kuongeza na hakuna aliyekulazimisha kuyaongeza.

Na usidhani suala hili ni geni. Ibn Abbas anasimulia kwamba mama yake mdogo, Ummu Hufayd, alimletea Mtume zawadi ya jibini kavu, samli na dhabbi, huyu ni mnyama wa jangwani jamii ya mijusi. Na Ummu Hufayd ni dadake bibi Maymuna mkewe Mtume, yaani ni shemeji yake kabisa, zawadi ya ndani ya familia kama yako. Mtume akala jibini na samli, dhabbi akamuacha. Khalid bin Walid alikuwepo akauliza, ni haramu? Akamjibu hapana, ila hapatikani kwenye ardhi ya watu wangu na najikuta simpendi. Khalid akamvuta kwake akala na Mtume anamuangalia. Tazama vizuri hapa: hakujilazimisha kula, hakusema mtamu, na hakumtia kasoro yule mnyama wala aliyemleta. Na alipoulizwa ndo akasema, na sababu akaiweka kwake yeye mwenyewe, mimi sikuzoea. Kile kingine cha zawadi alichokiweza akakila.

Kuna na kisa cha Saab bin Jaththama, alimletea Mtume punda mwitu, Mtume akamrudishia, alafu akaona uso wa Saab umebadilika. Hapohapo akamwambia: hatukukurudishia ila kwa sababu tuko kwenye ihramu. Mimi hiki kisa nakipenda sana kwa sababu ya ule uso. Mtume hakumuacha mtu aende zake akijiuliza nimekosea nini, alimpa sababu ya kweli, fupi, isiyomgusa mtoaji wala kitu chenyewe.

Sasa ihramu yako wewe ni pumu. Una udhuru wa kweli na hauna aibu, wala shangazi hana kosa, na kuficha kutaleta madhara maana mwakani atakuletea chupa nyingine kubwa zaidi, au atakuja nyumbani atake kukupaka mwenyewe kwa mapenzi, utafanyaje? Ingekuwa ni rangi tu hukuipenda au nguo ya mtindo wa zamani ningekwambia shukuru kwa moyo na unyamaze, si kila kilichomo moyoni lazima kitoke, Mtume hakuwahi kukitia kasoro chakula, akikipenda alikila na asipokipenda alikiacha. Kunyamaza si uongo.

Wapo watakaokwambia tumia kauli ya mafumbo, useme "chupa yako naiona kila siku" aelewe unajipaka. Imam Nawawi ameeleza kwamba mafumbo ya namna hiyo hayana ubaya yakiwa na haja au maslahi ya kisheria, bila haja ni makuruhu, na yakitumika kula haki ya mtu ni haramu. Kwako wewe haja siioni, na shangazi akija kukuta chupa imejaa mpaka shingoni atajua ulimzunguka, itamuuma kuliko pumu.

Kwa hiyo mpigie kabla hajaja, usisubiri mbele ya watu, na usitume meseji maana meseji haina sauti. Anza na shukrani, uitulize kidogo, alafu mwambie: "Shangazi, yale manukato kifua changu kimeyakataa, si hayo tu, manukato yote yananibana kwa sababu ya hii pumu. Nilikwambia najipaka maana niliogopa utahuzunika, unisamehe." Basi, ishia hapo. Usianze kumpangia akuletee nini badala yake isipokuwa akuulize mwenyewe, akiuliza mtajie kitu chepesi. Na ule uongo wa kwanza muombe Mwenyezi Mungu msamaha na uazimie kutorudia.

Chupa ni mali yako tangu ulipoipokea, waweza kumpa mtu mwingine. Mtume alimpa Umar vazi la hariri, Umar akashangaa maana hariri hairuhusiwi kwa wanaume, Mtume akamwambia sikukupa ili ulivae, Umar akampa nduguye aliyekuwa Makka. Lakini mwambie shangazi utampa nani, asije kukutana na harufu ya chupa yake kwa mtu asiyemjua. Na ukipenda mwenyewe kumrudishia ampe binamu yako, mrudishie kwa uso mkunjufu. Ile hadithi kali ya anayerejea zawadi yake inamhusu mtoaji anayeidai, hapa ni wewe unampa upya kwa ridhaa yako na yeye hana dhambi.

Wallahu aalam.