Kutoa mwinuko wa usawa wa bahari kwenye RTK: tofauti ya mita 27 na ile sentimita 70 inayobaki

> Wakuu, nimepima mstari wa mfereji kama kilomita 4 kwa RTK huku Ruvu. Namba za mwinuko ziko chini ya benchimaki kwa zaidi ya mita 26, nyingine zinasoma hasi kabisa. Nikiweka EGM2008 zinakaribia lakini bado inabaki sentimita 70 na kitu. Naweza kuitumia GPS badala ya kupiga leveli, au nirudi na stafu?

Mkuu, risiva yako ni nzima. Inakupa mwinuko kutoka kwenye elipsoidi ya WGS84, yaani umbo laini la kihesabu linalowakilisha dunia. Benchimaki imepimwa kutoka usawa wa bahari, na usawa huo ukiuendeleza chini ya nchi kavu unaitwa jioidi. Ukanda wetu wa pwani jioidi iko chini ya elipsoidi kwa mita 27 hivi, ndiyo maana mtu aliyesimama ufukweni Dar, mita 5 juu ya bahari, anaona rova ikisoma kama -22. Fomula ni moja tu:

```
H = h - N
```

`h` ni namba ya GPS, `N` ni jioidi (kwetu ni hasi), `H` ndiyo unayoitaka. Kwa kuwa `N` ni hasi, kutoa hasi kunakuwa kujumlisha. Ukiona jibu limeshuka mpaka -49, alama ya `N` imegeuzwa mahali fulani.

Kabla ya kugusa hiyo sentimita 70, hakikisha `h` yako ni ya WGS84 kweli. Wengi wetu tunaweka kontrola kwenye Arc 1960 kwa sababu ramani na viwanja viko humo. Arc 1960 inatumia elipsoidi ya Clarke 1880, na kwa vigezo vilivyozoeleka vya -160, -6, -302, mwinuko wa elipsoidi maeneo ya Dar unatofautiana na wa WGS84 kwa mita 16 hivi. EGM2008 haiijui Clarke 1880. Toa `h` moja kwa moja kwenye WGS84, kisha badilisha X na Y peke yake baadaye. Angalia pia kama risiva haijaweka jioidi yenyewe: kwenye sentensi ya `GGA` mwinuko unaotoka tayari umeshatolewa `N`, na `N` iliyotumika inafuata pembeni yake. Ukitoa tena unakuwa umeitoa mara mbili.

Kupata `N` mimi natumia GeographicLib, latitudo kwanza halafu longitudo:

```
echo -6.5 38.9 | GeoidEval -n egm2008-1
```

Ukitumia PROJ au QGIS, jaribu nukta moja kwanza. Faili la gridi likikosekana, mara nyingi mwinuko unatoka kama ulivyoingia bila onyo lolote.

Sasa tuje kwenye sentimita 70. EGM2008 ni modeli ya dunia nzima, na sifuri yake haikufungwa kwenye benchimaki zetu. Mtandao wa leveli wa Tanzania ulianzia kwenye kipimo cha maji cha Tanga, kilichofanyiwa uchunguzi miaka ya 1962 hadi 1964, na wastani wa bahari wa sehemu moja kwa kipindi kifupi hauwezi kulingana na sifuri ya modeli. Ongeza makosa ya modeli yenyewe, na kama besi yako iliwekwa kwa kubonyeza "here", ongeza kosa la besi ambalo peke yake linaweza kupita mita. Vyote hivyo, kwenye eneo dogo, vinakuwa karibu namba moja isiyobadilika. Kwa kazi ya leveli tunachohitaji ni tofauti ya mwinuko kati ya nukta na nukta, na hapo namba isiyobadilika inajifuta.

Niliwahi kufanya mfereji unaofanana na wako, bonde hilohilo, mteremko wa 1 kwa 2000, yaani mita 2 kwa kilomita 4. Benchimaki A ilikuwa mwanzoni: `h` = -11.860, `N` = -26.940, kwa hiyo modeli inasema 15.080. Kitabu kinasema 14.370. Tofauti 0.710. Benchimaki B mwishoni: `h` = -13.655, `N` = -26.760, modeli 13.105, kitabu 12.362. Tofauti 0.743. Ya katikati ilitoa 0.724.

Tazama `N` ilivyobadilika kati ya A na B: sentimita 18. Ungechukua GPS tupu na kusogeza zote kwa benchimaki A peke yake, ungeona ardhi inashuka mita 1.795, wakati kitabu kinasema 2.008. Sentimita 21 zimepotea kwenye mfereji ambao mteremko wake wote ni mita 2. Ukiweka modeli unapata 1.975, na kosa linabaki milimita 33. Kwa hiyo modeli inakupa umbo la jioidi kati ya nukta zako, benchimaki zinakupa sifuri. Vyote viwili vinahitajika.

Mimi nilitoa wastani, 0.726, kwenye nukta zote na nikaishia hapo. Programu nyingi zitakushawishi uweke bapa lenye mwinamo ili mabaki yawe sifuri. Usikubali kwenye mfereji. Benchimaki tatu zilizopangana karibu mstari mmoja hazizuii bapa kuzunguka kushoto na kulia, na nukta zako za mita 300 pembeni zinaweza kupanda au kushuka bila wewe kujua. Halafu milimita 33 yenyewe iko ndani ya kelele za RTK: kila kipimo cha wima kina sentimita 2 hadi 3, na ukitoa kimoja kwa kingine kelele inakua. Ungekuwa unapinda jioidi kufuata kelele.

Kinachonifanya niamini 0.7 ni kurudia. Pima kila benchimaki dakika tatu kwa fimbo yenye miguu, kisha rudi saa nyingine ya siku, satelaiti zikiwa zimehama. Kama tofauti zote tatu zimesogea pamoja, angalia besi au urefu wa antena, hasa kama uliopimwa kwa mshazari umeingizwa kama wa wima. Kama moja tu imeruka, tuseme 0.86 huku wenzake wako 0.72, benchimaki hiyo imeguswa, mara nyingi na greda la barabara. Piga leveli kutoka jirani yake uthibitishe kabla ya kuitupa. Besi ikihamishwa bila kurudishwa kwenye koordineti zilezile, 0.726 ya jana haifanyi kazi leo.

Kwa hiyo stafu irudi, lakini kwa sehemu tu. Leveli ya daraja la tatu inaruhusu milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita, yaani 24 kwa kilomita 4, na RTK haikupi hiyo. Sehemu za udongo, profaili na ujazo wa kuchimba, chukua GPS iliyosahihishwa. Ukiwa na mageti, vizingiti vya zege na makaravati, weka benchimaki ya muda karibu na kila jengo na uifunge kwa leveli kutoka A au B. Kati ya geti na geti umbali wa mita 200 mteremko ni sentimita 10 tu, na hapo sentimita 3 za RTK zinatosha kufanya maji yasimame.