Choa au pumu ya ngozi? Niliyoyaona kwa watoto wangu wawili

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma makala zangu alinitumia picha ya mkono wa mwanawe. Juu kidogo ya kiwiko kuna baka kubwa lenye magamba machache, halina umbo la kueleweka, pembeni limezungukwa na vipele vidogo vidogo. Akaandika: "Duka la dawa wamesema ni pumu ya ngozi, wakanipa tyubu. Nikimpaka, ndani ya siku mbili anapata nafuu. Nikiacha, linarudi kubwa kuliko mwanzo. Nifanyeje?"

Nilipomaliza kusoma moyo ulinienda mbio, kwa sababu maneno hayo nimeyaishi. Mtu haambiwi ugonjwa kwa picha ya simu, na mimi si daktari. Lakini sentensi ile ya tatu naijua vizuri mno, na wazazi wengi wanapaswa kuijua.

Nina watoto wawili ambao ngozi zao zimenifundisha. Binti yangu mkubwa ana pumu ya ngozi ya kweli, aliyoanza nayo akiwa mchanga. Ilianzia mashavuni, alipokua ikahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Na ikija mkono wa kulia, mkono wa kushoto nao haukosi. Baka lake halina mpaka: huwezi kuweka kidole ukasema hapa ndipo linapoishia, linafifia taratibu mpaka linakuwa ngozi ya kawaida. Ngozi yake yote ni kavu, anajikuna usiku mpaka shuka zinapata damu, na baba yake ana pumu ya kifua. Kwenye vitabu vingi wanasema pumu ya ngozi ni nyekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo haukai hivyo. Utaona rangi ya kijivu, kahawia iliyokolea au zambarau, na mara nyingi vipele vidogo vigumu vinavyosikika ukipitisha kiganja.

Mdogo wake yeye alianza na kitu tofauti kabisa. Kilikuwa kidoa kimoja kwenye mkono mmoja, kidogo kama kifungo cha shati. Kikawa kinapanuka wiki hadi wiki. Ukingo wake ulikuwa umeinuka, una magamba na vipele, ila katikati ngozi ilikuwa imeanza kurudi kuwa laini. Kilikuwa choa, na choa huenda kama moto wa nyasi kavu: unaounguza ni ule ukingo wa nje, katikati umeshapita. Fangasi wanakula ule utando mgumu wa juu ya ngozi, kinga ya mwili inawasukuma, nao wanakimbilia nje kutafuta mahali papya. Ndiyo maana linatokea duara, na ndiyo maana mara nyingi linakaa upande mmoja bila kujali upande wa pili wa mwili.

Nilimpeleka duka la dawa nikaeleza hayo yote. Muuzaji aliposikia nyumbani kuna mtoto mwenye pumu ya ngozi hakuangalia mkono tena. "Ni ya ukoo hiyo," akasema, akanipa tyubu ya dawa tatu kwa moja: betamethasoni, klotrimazo na gentamisini. Hadi leo nikikumbuka jinsi alivyosema bila hata kuinua mkono wa mtoto kuutazama, naumia.

Sasa sikilizeni kinachotokea ndani ya tyubu ile. Betamethasoni ni steroidi yenye nguvu. Kazi yake ni kuzima mapambano ya kinga kwenye ngozi, na uvimbe na mwasho vinavyotuhangaisha ni sehemu ya mapambano hayo. Kwa hiyo mwasho unaisha haraka, uvimbe unatulia, na kila mtu nyumbani anashukuru. Fangasi nao wanafurahi, kwa sababu askari wameondolewa. Klotrimazo iliyomo ingeweza kuwamaliza, lakini inahitaji wiki kadhaa, na nani anapaka wiki kadhaa kitu kilichokwisha kuwasha siku ya pili? Tunaacha, kinga inarudi, inakuta fangasi wamesambaa, vita vinaanza upya kwenye eneo kubwa zaidi. Halafu ule ukingo mzuri uliokuwa unatuambia kwamba hili ni choa unakuwa umefutika. Kinachobaki ni baka lisilo na umbo, hata mtaalamu akiliona atasita.

Kwa hiyo dada, ile "nafuu nikipaka, kubwa zaidi nikiacha" ndiyo alama yenyewe. Pumu ya ngozi nayo hurudi dawa ikiachwa, hilo ni kweli, lakini hurudi palepale pa siku zote, kwenye mikunjo. Haitembei kwenda mbele kila mwezi ikiongeza eneo.

Kwa mwanangu mambo yaliishia kichwani. Alianza kutoa magamba meupe, nikaambiwa ni mba, nimbadilishie mafuta ya nywele. Baadaye tukaona sehemu mbili nywele zimekatika karibu kabisa na ngozi, zimebaki nukta nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Matezi nyuma ya shingo yakavimba. Hapo tena nikaambiwa ni malaria. Mwishowe sehemu moja ikavimba, laini, ikibonyea, ikitoa usaha, na katika kituo kimoja cha afya wakaandaa wembe wa kupasua jipu.

Aliyetuokoa ni afisa tabibu wa ngozi, mmoja wa wale wanaosomeshwa pale hospitali ya KCMC, Moshi. Aliweka mkono shingoni, akagusa matezi, akatazama zile nukta, akauliza kama mikono yake iliwahi kuwa na madoa. Kisha akakwangua. Jamani, kipimo hiki wengi hawakijui na hakina makuu. Anachukua kisu butu, anakwangua magamba kutoka kwenye ukingo wa baka, siyo katikati, kwa sababu fangasi wako ukingoni. Kichwani anang'oa vijinywele vilivyokatika. Anaviweka kwenye kioo, anadondosha kemikali iitwayo KOH ambayo inayeyusha ngozi na kuacha fangasi, kisha anatazama kwa hadubini. Wakiwepo wanaonekana kama nyuzi zenye matawi. Mtoto haumii zaidi ya kukunwa. Ila kama umekuwa ukipaka dawa ya fangasi mwambie kabla, maana inaweza kuficha nyuzi hizo, na jibu la "hakuna" haliwi la mwisho kama dalili zote zinasema ndiyo.

Zilionekana. Ule uvimbe haukuwa jipu. Ulikuwa mapunye, yaani choa cha kichwani, yaliyopandwa na hasira ya kinga ya mwili, na kuupasua kusingesaidia chochote zaidi ya kuongeza kovu. Alitupa griseofulvini ya vidonge, kiasi kikipigwa hesabu kwa uzito wake. Kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo, kila siku, kwa wiki 6 hadi 8. Akasisitiza ameze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo sehemu kubwa ya dawa inapita tu. Nikamuuliza kwa nini asitupe ya kupaka. Akanijibu kwa upole: fangasi wa kichwani wako ndani ya unywele na kwenye shina lake, chini ya ngozi ambako krimu haifiki. Mapunye yanatibiwa kwa dawa ya kumeza. Shampuu ya ketokonazo mara mbili kwa wiki inapunguza kuambukiza wengine, haiponyi yenyewe.

Na jambo hili naomba mlishike: mtoto wa shule ya msingi kuwa na mba ya kweli ni nadra. Mba huhitaji mafuta ya ngozi ambayo huja na kubalehe. Ukiona magamba kichwani kwa mtoto wa miaka sita au minane, hasa nywele zikikatika na matezi ya shingo yakivimba, anza na mapunye, au mashilingi kama wanavyoyaita Kenya, mpaka kipimo kikuambie vinginevyo. Kwa mtu mzima hesabu inageuka: mba ni ya kawaida, mapunye ni machache.

Yapo na mabaka mengine ya kuchanganya. Kuna pumu ya ngozi ya duara kama sarafu, lakini yenyewe ina magamba na majimaji uso mzima, katikati hapaponi. Soriasisi ina magamba mazito ya rangi ya fedha, hupenda viwiko, magoti na kichwani ikivuka mstari wa nywele, na kucha huwa na vishimo. Upo ugonjwa unaoanza na baka moja la yai kifuani au mgongoni, wiki moja au mbili baadaye yanafuata mengi madogo, kisha yote huondoka yenyewe baada ya miezi michache. Huu hudanganya sana, maana lile baka la kwanza ni choa kitupu kwa macho. Na baka lililopauka, lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa pamba mtu hasikii, usilipake kitu. Huo unaweza kuwa ukoma, unatibika, na dawa zake ni bure. Nenda hospitali ya wilaya mapema.

Kama ni choa cha mwilini tu, halijapakwa steroidi na mabaka ni machache, krimu ya klotrimazo peke yake inatosha. Soma kasha: kama kuna neno la pili linaloishia na "sone" au "sol", irudishe. Paka mara mbili kwa siku, vuka ukingo kwa upana wa vidole viwili, na endelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Ukiwa umeshapaka steroidi na sasa unaiacha, jiandae: baka litawaka na kuwasha kwa siku kadhaa, na duara linaweza kujitokeza upya. Huko ndiko kuonekana kwa ugonjwa uliokuwa umefichwa. Huo ndio wakati mzuri wa kwenda kukwanguliwa.

Mwanangu alipoanza vidonge alitoka vipele vidogo vya kuwasha masikioni na kifuani. Shemeji yangu akasema dawa imemkataa, tuiache. Afisa tabibu alikuwa ametuonya: mwili unapowashambulia fangasi waliokufa, vipele hivyo hutokea, na dawa haiachwi. Mzio wa dawa ni kitu kingine, una homa, midomo kuvimba au mwili mzima kulipuka, na hapo unarudi kliniki siku hiyohiyo.

Shuleni walimrudisha nyumbani mbele ya wenzake, wakasema ni uchafu. Nilimwogesha mtoto yule kila siku. Mapunye huambukizwa kwa mashine ya kunyolea, kitana, kofia na mto wa pamoja, na aina nyingine hutoka kwa paka, mbwa na ndama. Walimu, mtoto aliyekwisha kuanza vidonge na shampuu hana sababu ya kukaa nyumbani. Wazazi, chunguzeni vichwa vya ndugu zake wote siku hiyohiyo, na mashine ya kinyozi isipite kichwani kwa mwanao kabla haijasafishwa kwa dawa mbele ya macho yako.