Mgahawa wa Jambiani na muuzaji mmoja wa mboga: angalia njia ya mzigo kwanza

"Assalamu alaykum wenzangu. Nasimamia mgahawa Jambiani, tunatoa sahani kama sitini kwa siku. Mboga zote tunachukua kwa mtu mmoja wa jumla sokoni Mwanakwerekwe, anatupa kwa mali kauli, tunamlipa mwisho wa wiki. Juzi kakosekana siku mbili, tukahangaika. Mwenye mgahawa anataka mpango ulioandikwa. Nikitafuta muuzaji wa pili inatosha?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Haitoshi, mpaka ujue huyo wa pili mzigo wake unapita wapi. Nimesimamia manunuzi ya jiko hapa Unguja kwa miaka mingi, na hapo ndipo naona migahawa mingi inajidanganya. Wanaandika majina mawili kwenye karatasi, wote wa soko moja, na wote wanasubiri boti ile ile ishushe Malindi. Boti isipokuja, wote wawili wanakwambia "leo hakuna".

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mtu, kaa na huyo huyo uliyenaye, mnunulie chai, umuulize bidhaa moja moja inatoka wapi. Utakuta tungule zimetoka Morogoro, Iringa au Lushoto, karoti na kabichi Lushoto, vitunguu maji Mang'ola au Ruaha Mbuyuni, mbatata Njombe au Mbeya. Vyote vimeteremka kwa lori hadi Dar, vikapandishwa chomboni, vikashushwa Malindi, ndipo vikafika sokoni na mwisho kwako Jambiani. Mchicha, bamia, matembele, mabiringani na matango, hivyo aghlabu ni vya mashamba yetu ya hapa, Bumbwisudi na kwengineko. Andika safu mbili: vinavyovuka bahari na visivyovuka. Karatasi hiyo ndiyo mpango wako wenyewe, yaliyobaki ni kuijaza.

Visivyovuka havina tabu sana. Mtafute mkulima mmoja au wawili, chukua kwao kila wiki, walipe taslimu siku hiyo hiyo. Mkulima wetu hana mtaji wa kukukopesha, na ukimcheleweshea atapeleka kwa dalali. Jihadhari tu na masika. Mvua za Machi hadi Mei zinaleta baka na mnyauko kwenye tungule za hapa, na majani yanaoza shambani, kwa hiyo usimuandike mkulima wa Unguja kuwa ndiye mbadala wa tungule kwa miezi hiyo. Kwa matango na mabiringani atakufaa sana.

Tabu iko kwenye vinavyovuka, na hapa nitachukua mgahawa wako kama mfano. Tuseme unatumia kwa siku kilo 10 za tungule, kilo 6 za vitunguu na kilo 12 za mbatata. Weka hesabu zako mwenyewe, lakini njia ni hii hii.

Kwanza jua pengo. Muuzaji wako akipokea mzigo mara mbili kwa wiki, basi chombo kimoja kikikosekana unakaa siku saba mpaka mzigo mwengine ufike. Si jambo la kudhania. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita upande wa Mafia, safari za vyombo baina ya Dar na Unguja zilisitishwa. Na hata bila kimbunga, kusi ikikaza katikati ya mwaka vyombo vidogo vinazuiwa. Kwa hiyo shabaha yako iwe jiko liende siku saba bila ya chombo.

Vitunguu ni rahisi: 6 mara 7 ni kilo 42, weka 45. Vilivyokaushwa vizuri vinastahamili wiki mbili tatu hata kwa unyevu wetu, alimradi vimetandazwa kwenye chaga au vimening'inizwa kwenye neti, upepo unapita. Bonyeza shingo ya kitunguu kwa kidole gumba. Ikiwa laini au ina unyevu, hicho kinaanza kuoza kutokea ndani, kitumie leo. Mbatata ni kilo 84, zikae pahala pakavu pa giza, mbali na vitunguu, kwa sababu vikikaa pamoja vinaharibiana. Iliyogeuka kijani kwa kupigwa na mwanga usiipike, ina sumu. Kwa joto la ghala la pwani usitarajie zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo akiba hii lazima izunguke: mzigo mpya unaingia nyuma, wa zamani unatoka mbele.

Tungule ndizo zinazowashinda watu, maana kilo 70 haziwekeki. Lakini hebu jiulize zinakwenda wapi. Kwenye migahawa mingi ya kwetu nusu inaingia kwenye rojo, mchuzi na sosi, na nusu ndiyo inayoliwa mbichi kwenye saladi na kachumbari. Basi zigawe hivyo hivyo. Nusu ya kupika, kilo 35, inunue siku ambayo bei iko chini, isage, ichemshe bila ya viungo mpaka ipungue kiasi cha nusu, imwage kwenye trei za kina kifupi ipoe ndani ya saa mbili, uifunge kwenye vifuko vya kilo moja moja na kuigandisha. Unapata kama kilo 17, na kila kifuko kinasimama badala ya kilo mbili mbichi. Umeme ukikatika, friza iliyojaa ikabaki imefungwa inashikilia kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Waambie vijana wa jikoni wasiifungue kuchungulia.

Nusu ya kuliwa mbichi inunue kwa madaraja matatu: zilizoiva za siku mbili, zinazogeuka rangi za siku ya tatu na ya nne, na zilizopevuka zikiwa bado kijani za mwisho wa wiki. Zile za kijani usizitie kwenye friji, zitakuwa na mabaka na hazitoiva sawasawa. Tenga likifika, usilisaini kwa kuangalia juu. Mimina lote kwenye turubai. Tazama vikonyo: vikiwa vibichi, tunda limechumwa karibuni, na vikikauka na kuwa vyeusi, limeshakaa njiani. Chini ya tenga ndiko utakapokuta zilizopondeka, na hizo zihesabiwe kwa kilo na zikatwe kwenye hesabu mbele ya aliyeleta. Pima bila ya tenga lenyewe.

Turudi kwa muuzaji wa pili. Mtafute anayepokea kwa chombo na siku tofauti na za mwenzake, au awe Dar kabisa anakupakilia moja kwa moja na wewe unapokea Malindi. Halafu mpe robo ya manunuzi yako kila wiki, hata wiki ambayo huna dhiki. Mtu unayempigia siku ya uhaba tu, siku hiyo ana wateja wake wa kila siku wa kuwatazama kwanza. Tuseme ni ghali kwa shilingi 300 kwa kilo. Robo ya kilo zako 28 ni kilo 7, yaani shilingi 2,100 kwa siku, 63,000 kwa mwezi. Mpelekee mwenye mgahawa hesabu hiyo pamoja na mauzo ya siku mbili mlizohangaika, achague mwenyewe.

Wa zamani usimfiche. Mwambie waziwazi kuwa anabaki na robo tatu, na kwa malipo ya hizo unataka jambo moja: akijua mzigo hautakamilika, akuambie kabla ya alasiri ya jana yake. Hilo lina thamani kuliko kupunguziwa bei. Ukijua alasiri, bado unaweza kupiga simu Bumbwisudi, kutoa vifuko kwenye friza, na kubadilisha ubao wa chakula: chipsi zinakuwa muhogo wa kukaanga, saladi ya tungule inakuwa ya matango. Ukijua asubuhi dereva asipotokea, umeshachelewa.

Dalili zinakuja kabla ya siku ya kukosekana. Anaanza kuleta nusu ya oda na kukwambia "nyengine kesho". Madaraja yanachanganywa. Anatuma kijana usiyemjua. Na iliyo kubwa kuliko zote, mtu aliyekuwa akikukopesha anaanza kuomba umtangulizie fedha: hapo mtaji wake umekwama, au wale anaochukua kwao Dar wamemfungia. Ukiona mbili katika hizo kwa wiki moja, panda hadi nusu kwa wa pili bila ya kusubiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, agiza siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho yake kila mtu sokoni atakuwa anaagiza.

Ramadhani iangalie peke yake. Mahitaji ya ftari yanapanda, mbatata na tungule zinanunuliwa majumbani kwa taslimu, na muuzaji wa jumla anauza anapopata fedha mkononi. Mgahawa wa mali kauli unasogezwa nyuma ya foleni, na simlaumu, naye ana madeni yake. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama akiba yako iwe imejaa. Wenzetu walioko Pemba hesabu yao ya siku iwe ndefu kuliko hii, maana mzigo unaopitia Unguja unavuka mara mbili. Akipatikana anayeleta kutoka Tanga, huyo ndiye wa pili hasa, kwa kuwa njia yake ni nyengine kabisa.

Na mali kauli yenyewe. Usiivunje, inausaidia mgahawa, lakini jua kwamba wa pili, mkulima na yule wa Dar hawatakukopesha siku ya kwanza. Mpango wote huu unataka taslimu sawa na manunuzi ya wiki moja, ziwekwe mbali na fedha za mauzo ya kila siku. Andikeni kabisa nani anaruhusiwa kuzitoa bila ya kumpigia mwenye mgahawa, na kiasi gani kwa mara moja. Anayefaa ni anayekwenda sokoni alfajiri, kwa sababu siku ya uhaba matenga mazuri yanaisha mapema mno.