Kosa Moja, Hukumu Mbili

Nimekaa kwa muda katika kamati ya nidhamu ya sacco moja ya matatu hapa Nairobi, na kesi iliyonisumbua kuliko zote ni ya madereva wawili waliofanya jambo lile lile. Wote wawili waliambiwa na fundi kwamba pedi za breki zimekwisha, na wote wakaamua kumaliza wiki kwanza ndipo wazibadilishe. Mmoja aliimaliza salama. Mwenzake alikanyaga breki katika Barabara ya Jogoo, gari likachelewa kusimama, na mtu aliyekuwa akivuka akavunjika mguu. Kamati ilitaka kumfukuza huyu wa pili na kumpa wa kwanza onyo la mdomo.

Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili tatizo hili mwaka 1976, na tangu hapo wanafalsafa huliita bahati ya kimaadili. Sote tunakubali kwamba mtu asilaumiwe kwa lisilokuwa mikononi mwake, lakini kilichowatenga madereva hawa ni kuwapo kwa mtu barabarani dakika ile, jambo ambalo hakuna kati yao aliyelipanga. Hata Sheria ya Trafiki ya Kenya hufuata matokeo: kifungu cha 46 kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, adhabu iliyo kali kuliko ya uendeshaji huohuo usioua mtu.

Naamini sababu kuu ya mazoea haya ni kwamba kwa kawaida hatujui dereva alikuwa na nini moyoni, kwa hiyo tunayafanya majeraha kuwa ushahidi wa uzembe. Hilo lina mantiki pale ushahidi mwingine unapokosekana. Hapa fundi alikuwa amekwisha kutueleza kila mmoja alijua nini, na mguu uliovunjika haukuongeza chochote katika habari hiyo.

Nilishauri katibu aandae maelezo ya kila dereva bila kutaja kilichotokea barabarani, kamati ikate adhabu, kisha ndipo isomewe matokeo. Wote wawili walisimamishwa kazi kwa muda uleule. Gharama za hospitali zilimwangukia wa pili peke yake, na naona ni haki, kwa kuwa kumfidia aliyeumia ni deni linalotokana na madhara yenyewe, si kipimo cha ubaya wa mtu. Majuto yake pia yalikuwa ya namna yake: alikwenda kumtazama majeruhi mara kwa mara bila kuagizwa, na ningemshangaa kama angesema tu kwamba ilikuwa ajali.

Utaratibu huu una mpaka wake. Ikiwa haijulikani dereva aliambiwa nini, ajali irudishwe mezani, lakini iwe sababu ya kumwita fundi na kukagua daftari la gereji, wala isitumiwe kuongeza adhabu kabla majibu hayo hayajapatikana.