Ute wenye damu na damu inayotiririka

“Mama, asubuhi nimeenda chooni nikaona ute mzito kama kamasi, una damu kidogo. Niko wiki ya 38. Tumbo haliumi. Mama mkwe anasema ndiyo ishara, nitazaa leo. Jirani anasema damu ni damu, nikimbie hospitali. Nimsikilize nani?”

Mwanangu mpenzi,

Kwa hayo uliyoniandikia, usikimbie, lakini pia usijiandae kuzaa leo. Kilichotoka ni ule ute ulioziba mlango wa kizazi miezi yote hii. Kabla hujaendelea kusoma, nifanyie jambo moja: keti, weka mkono tumboni, usikilize kama mtoto anacheza kama kawaida yake. Kama anacheza, soma taratibu. Kama tangu asubuhi amenyamaza, hata baada ya wewe kula na kulala ubavu wa kushoto, acha barua hii uende materinite sasa hivi. Mtoto aliyenyamaza hangojewi, damu iwepo isiwepo.

Sasa nikueleze ulichokiona. Mlango wa kizazi ni kama shingo ya kibuyu, na tangu mwanzo wa mimba shingo hiyo huzibwa na ute mzito unaozuia vijidudu kupanda kwa mtoto. Siku zikikaribia, shingo hulainika, hufupika, huanza kufunguka kidogo, na kile kizibo hukosa pa kushika. Wengine hukiona chote mara moja, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya supu. Wengine hutoka vipande vipande siku kadhaa, na wengine hawakioni kabisa kwa sababu hutoka pamoja na maji ya uchungu. Damu iliyomo inatoka kwenye vimishipa vidogo vya shingo yenyewe, vinavyopasuka inapotanuka. Ndiyo maana damu hiyo huwa ndani ya ute, kama nyuzi au madoa ya waridi, ya kahawia, au mekundu kidogo. Ukiinua kitambaa, ute unavutika. Kumbuka hilo neno, unavutika, kwa sababu damu yenyewe haivutiki, inalowa.

Mama mkwe wako hakukosea kuita ishara, alikosea kutaja siku. Mimba yako wewe, ute ulitoka Jumatatu, na uchungu ukanishika Ijumaa usiku. Kwa mdogo wako, ulitoka saa moja jioni na kabla ya jogoo kuwika alikuwa ameshazaliwa. Inaweza kuwa saa chache, siku chache, hata wiki moja au mbili. Na kama juzi akusheze alikupima kwa vidole, au ulilala na mumeo, madoa kidogo siku moja au mbili baadaye yanaweza kutokana na hilo tu. Ingekuwa uko chini ya wiki ya 37 ningekuambia kitu kingine kabisa: ute ukitoka mapema hivyo unakwenda siku ileile, kwa sababu mtoto anaweza kuwa anataka kuja kabla ya wakati.

Jirani yako naye usimdharau. Ana sababu ya kuogopa damu, na nitakueleza kisa ambacho hadi leo kikinijia usiku sipati usingizi.

Nilikuwa akusheze wa zamu ya usiku, miaka mingi imepita. Akaletwa mama kwenye pikipiki, katikati ya motari na mumewe, amefungwa vikwembe vitatu na vyote vimelowa. Ilikuwa mimba yake ya nne. Nilipomhoji akaniambia kwamba siku nne kabla aliamka usiku akakuta godoro limelowa damu nyekundu, nyangavu, haina ute, na hakusikia maumivu hata kidogo. Kulipopambazuka ikawa imekoma yenyewe. Mimba zake za nyuma alikuwa ameona ule ute wenye damu, kwa hiyo wazee wa nyumbani wakasema ni ishara, tungoje uchungu. Wakangoja. Siku ya nne damu ikarudi, mara hii haikukoma.

Kilichowadanganya ni yale mambo mawili ambayo mtu yeyote angeyachukua kuwa heri: haikuuma, na ilikoma. Kumbe kondo la nyuma lilikuwa limejishikiza chini, juu ya mlango wenyewe. Mlango ukianza kutanuka, kondo linabanduka kidogo, mishipa ya mama inabaki wazi, na damu inatoka bila maumivu. Inaweza kukoma kwa muda, lakini mlango ukitanuka tena inarudi, na mara nyingi inarudi kwa nguvu zaidi. Mama wa namna hii hazai kwa njia ya kawaida, anafanyiwa upasuaji. Wala hapimwi kwa kidole mpaka ekografi ioneshe kondo liko wapi, kwa sababu kidole kimoja kinaweza kulitoboa. Usiku ule ndugu zake watatu walitoa damu, akapasuliwa kabla ya asubuhi, wakapona wote wawili. Lakini alikuwa amebaki na rangi ya majivu, na zile siku nne alizokaa nyumbani hazikuwa za lazima.

Kwa hiyo fungua kitabu chako cha mimba leo, utafute karatasi ya ekografi. Angalia wameandika kondo liko wapi. Likiwa juu, iwe upande wa mbele au wa nyuma, hilo janga moja limekuondokea. Likiandikwa kwamba liko chini, usishtuke mara moja, kwa maana ekografi ya mwezi wa tano mara nyingi huliona chini, halafu tumbo likikua nalo linapanda. Ila lazima liwe limeangaliwa tena baada ya hapo. Kama halikuangaliwa tena, basi ninabadilisha maneno yangu ya juu: nenda leo, na damu hii kidogo uliyoiona uwaambie mlangoni kabla hujakaa kwenye benchi.

Kuna damu nyingine, na hii ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa sababu macho yanaweza kuiona ndogo. Kondo likiwa mahali pake pazuri linaweza kubanduka kabla ya mtoto kutoka. Mara nyingi ni kwa mama mwenye tansio ya juu, au aliyeanguka, au aliyepigwa tumboni. Damu inajikusanya nyuma ya kondo, nje inatoka kidogo tu, pengine nyeusi-nyeusi, pengine hakuna kabisa. Hapo kitambaa hakikusaidii, linalosema ni tumbo. Uchungu wa kuzaa unabana kisha unaachia, na ukiachia tumbo linalegea. Huu hauachii. Tumbo linakuwa gumu kama ubao, linauma moja kwa moja, mtoto anapungua kucheza. Mama akianza kutoka jasho la baridi, kizunguzungu, moyo unakimbia, ujue damu imepotea nyingi hata kama kitambaa ni kisafi.

Najua huko Katuba umeme hukatika, na mwanga wa simu hufanya kila kitu kionekane cheusi. Ukiona kitu usiku, vaa kitambaa cheupe safi, usiingize chochote ndani, kisha baada ya muda mfupi ukiangalie karibu na taa. Ute utakuwa juu ya kitambaa, doa dogo, halikui. Damu itakuwa imeingia ndani ya kitambaa na doa linaendelea kupanuka, au inateremka mapajani, au ina mabonge. Ikiwa hivyo usikae kupima kitambaa kinajaa kwa saa ngapi. Ondoka, vitambaa ubebe navyo wavione, na mtu mzima wa kuweza kutoa damu aende nawe. Maji ya uzazi yakipasuka yakiwa na damu nyingi, ni vilevile.

Sasa uchungu wenyewe. Wiki hizi tumbo litakubana mara nyingi bila mpango. Kunywa maji, tembea uwanjani, kisha lala kidogo. Ukipotea, haukuwa wenyewe. Uchungu wa kweli haujali kama umekaa au umesimama, huanzia mgongoni mara nyingi na kuzunguka mbele, na kila ukirudi unakuwa mrefu na mkali kuliko uliopita. Chukua kalamu, usitumie kichwa. Tuseme umeandika saa 3:10 usiku, 3:24, 3:31, 3:50: huo bado unacheza. Lakini ukiandika 5:00, 5:06, 5:11, 5:16, 5:21, na kila mmoja unakaa karibu dakika nzima hata huwezi kuongea unapokushika, na hali hiyo imeendelea saa moja, hapo mlango unafunguka. Wenye gari mlangoni huambiwa wangoje mpaka hapo. Wewe unategemea motari, na mvua ya kwetu ikinyesha barabara inajaa maji, kwa hiyo ukifika kila dakika saba au nane na unazidi kukaza, ondoka. Afadhali wakurudishe nyumbani mara moja.

Maji yakitoka kabla ya uchungu, nenda hata kama huumwi. Hayana harufu ya mkojo na huwezi kuyazuia ukijibana. Yakiwa meupe au yenye manjano hafifu unakwenda kwa utulivu, yakiwa ya kijani au kahawia unakwenda kwa haraka, maana mtoto amejisaidia ndani.

Neno moja zaidi, na hili ninakuomba kama mama yako, siyo kama akusheze mzee. Mtu akikuletea dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu kwa kuwa “ishara imeshatoka”, ipokee kwa adabu, shukuru, usiinywe. Nimeona kizazi kimepasuka kwa sababu ya hizo. Inakaza bila kupumzika, na hakuna anayejua amekunywa kipimo gani. Wala usimruhusu mtu yeyote nyumbani akupime kwa kidole ili ajue umefika wapi.

Nipigie jioni uniambie kitambaa kikoje na ekografi imesema nini juu ya kondo. Mimi natoka huku Likasi kesho na basi ya kwanza, nakuja na vikwembe vilivyofuliwa na ile blanketi ndogo. Mkwe wangu mwambie atafute leo namba za motari wawili, siyo mmoja, na aniambie ni ndugu gani wa karibu wana damu ya kundi kama lako.

Mama yako